Mauzo yamepanda, mchango umeshuka: kisa cha kiwanda cha sabuni chenye bidhaa tatu

Usuli

Kisa hiki kinahusu kiwanda cha sabuni cha ukubwa wa kati kilichopo katika mji mmoja wa bara, Tanzania. Jina la kiwanda, mji na mwaka vimeachwa kwa makusudi, na takwimu zimebadilishwa na kukadiriwa ili mhusika asitambulike, ingawa uhusiano kati ya namba moja na nyingine umebaki vilevile.

Kiwanda kinauza bidhaa tatu, zote kwa katoni na karibu zote kwa wauzaji wa jumla: sabuni ya mche, sabuni ya unga na sabuni ya kuogea. Katoni ya mche inauzwa shilingi 24,000 na gharama zake zinazobadilika ni 20,000, kwa hiyo inaacha mchango wa shilingi 4,000. Katoni ya unga inauzwa 30,000 na kuacha 7,000. Katoni ya sabuni ya kuogea inauzwa 45,000 na kuacha 12,000. Michango hiyo imehesabiwa kabla ya kuondoa kamisheni ya maofisa mauzo, na ndiyo iliyo katika bajeti ya robo mwaka inayozungumziwa hapa.

Bajeti ilipanga kuuza katoni 20,000: 12,000 za mche, 6,000 za unga na 2,000 za kuogea, yaani asilimia 60, 30 na 10. Mchango uliotarajiwa ulikuwa shilingi milioni 114, na ukiugawa kwa katoni zote unapata wastani wa shilingi 5,700 kwa katoni moja. Wastani huu ukae mkononi, kwa sababu hesabu zote zinazofuata zinaurudia.

Maofisa mauzo walikuwa wakilipwa kamisheni ya shilingi 300 kwa kila katoni, iwe ya mche, ya unga au ya kuogea. Utaratibu huo ulianza zamani, kiwanda kilipokuwa kikitengeneza mche peke yake, na bidhaa nyingine mbili zilipoongezwa hakuna aliyeugusa.

Yaliyotokea

Robo ilipofungwa, idara ya mauzo ilitoa taarifa fupi yenye habari njema. Katoni 22,000 zilikuwa zimeuzwa, zaidi ya bajeti kwa asilimia 10. Mapato ya mauzo yalifika shilingi milioni 577.5 dhidi ya milioni 558 zilizopangwa. Bei za orodha zilifuatwa bila punguzo lolote, jambo lililorahisisha uchambuzi, maana hakukuwa na tofauti ya bei ya kutenganisha. Meneja mauzo aliomba mambo mawili: maofisa wake wapewe bonasi, na linunuliwe Fuso la pili la kusambazia mzigo wilayani.

Wiki hiyohiyo mhasibu wa gharama alipeleka kwa mkurugenzi karatasi yake, nayo ilisema mchango umeshuka. Akitumia michango ileile ya bajeti, bila kuingiza mabadiliko yoyote ya bei ya malighafi, alipata milioni 110. Kiwanda kilikuwa kimeuza zaidi na kubaki na pungufu ya milioni 4. Mkurugenzi, ambaye si mtu wa hesabu, alidhani moja ya taarifa hizo mbili ina kosa. Zote zilikuwa sahihi.

| Bidhaa | Bajeti (katoni) | Halisi (katoni) | Mchango kwa katoni | Mchango halisi |
|---|---|---|---|---|
| Mche | 12,000 | 16,500 | 4,000 | 66,000,000 |
| Unga | 6,000 | 4,400 | 7,000 | 30,800,000 |
| Kuogea | 2,000 | 1,100 | 12,000 | 13,200,000 |
| Jumla | 20,000 | 22,000 | | 110,000,000 |

Hesabu ilivyogawanywa

Pengo la milioni 4 ni tofauti ya jumla inayotokana na idadi ya katoni zilizouzwa. Kiwanda kinachouza bidhaa moja kingeishia hapo. Penye bidhaa tatu zenye michango isiyolingana, pengo hilo linabeba maswali mawili, na mhasibu aliyatenganisha.

Swali la kwanza ni hili: kama katoni 22,000 zingeuzwa kwa uwiano uleule wa bajeti, mchango ungekuwa kiasi gani? Katoni 2,000 za ziada mara wastani wa 5,700 ni shilingi milioni 11.4. Hiyo ndiyo tofauti ya kiasi cha mauzo, na ni nzuri kwa kampuni. Swali la pili ni kwamba, kwa katoni hizohizo 22,000, kubadilika kwa uwiano kumegharimu kiasi gani? Wastani halisi wa mchango ulikuwa 5,000 (milioni 110 kugawanya kwa 22,000), pungufu ya 700 kwa kila katoni. Mara 22,000, inakuwa milioni 15.4. Hiyo ni tofauti ya mchanganyiko wa mauzo, na ni mbaya. Milioni 11.4 ukitoa milioni 15.4 unarudi kwenye upungufu wa milioni 4.

Mkurugenzi alielewa mara moja. Kisha akauliza swali ambalo wahasibu wengi hulijibu kwa haraka kupita kiasi: ni bidhaa ipi iliyoleta hasara hiyo ya mchanganyiko?

Jibu linategemea njia ya kuhesabu. Njia ya kwanza, ambayo wengi waliojiandaa kwa mitihani ya bodi wanaikumbuka, inachukua katoni zilizotarajiwa kwa uwiano wa bajeti (mche 13,200, unga 6,600, kuogea 2,200), inazilinganisha na zilizouzwa, kisha inazidisha kila pengo kwa mchango wa bidhaa husika. Kwa njia hiyo mche unaonekana umeleta faida ya milioni 13.2, unga hasara ya milioni 15.4, na kuogea hasara ya milioni 13.2. Meneja mauzo aliipenda sana, kwa sababu ilionyesha mche ndio uliomwokoa.

Njia ya pili inazidisha mapengo yaleyale kwa umbali wa mchango wa kila bidhaa kutoka kwenye wastani wa 5,700. Mche uko chini ya wastani kwa 1,700, kwa hiyo katoni 3,300 zilizozidi uwiano zinatoa hasara ya milioni 5.61. Unga uko juu kwa 1,300, na upungufu wa katoni 2,200 unatoa hasara ya milioni 2.86. Kuogea iko juu kwa 6,300, na upungufu wa katoni 1,100 unatoa hasara ya milioni 6.93. Jumla ni milioni 15.4 ileile, lakini sasa mche haupongezwi tena.

Mhasibu alichagua njia ya pili, na kwa maoni yangu alichagua vizuri. Kuuza zaidi bidhaa yenye mchango ulio chini ya wastani huushusha wastani, na taarifa inayoita jambo hilo faida humpotosha msomaji wake hata kama jumla haina kosa.

Maamuzi na sababu zake

Mkurugenzi aliamua mambo matatu. Aliahirisha bonasi na ununuzi wa gari. Alimwagiza mhasibu afuatilie kwa nini uwiano umebadilika, kwa sababu tofauti ya mchanganyiko hutaja ukubwa wa pengo na kunyamaza juu ya chanzo chake. Na akaomba mfumo wa kamisheni uangaliwe upya.

Ufuatiliaji ulianzia ghalani. Katika daftari la maagizo, pembeni mwa mistari mingi ya sabuni ya kuogea, mtunza ghala alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu "haijatoka". Manukato yanayoagizwa kutoka nje yalichelewa bandarini, na mtambo wa sabuni ya kuogea ukasimama karibu wiki tatu. Maagizo ambayo hayakutimizwa yalijumlishwa yakafika katoni 400. Mara 12,000, hiyo ni shilingi milioni 4.8, kiasi kinachozidi upungufu wote wa robo ile. Maofisa mauzo hawakuhusika na sehemu hiyo hata kidogo. Hata hivyo ilikuwa imehesabiwa ndani ya mchanganyiko, na bila daftari lile wangelaumiwa wao.

Kisha zikaja ankara. Mhasibu alipanga manunuzi ya kila muuzaji wa jumla kwa wiki, mche upande mmoja na unga upande wa pili. Kati ya katoni 1,600 za unga zilizopungua kwenye bajeti, kama 1,100 zilipotea kwa wateja ambao ununuzi wao wa mche ulipanda katika wiki zilezile. Ofisa mmoja alieleza wazi kilichokuwa kikitokea: muuzaji wa jumla ana mtaji wake wa wiki, na yeye kama ofisa anapata 300 kwa katoni yoyote. Mche unakubalika haraka, haudai maelezo, na kwa fedha ileile mteja anabeba katoni nyingi zaidi. Angesukuma unga kwa sababu gani?

Kamisheni ikabadilishwa kuwa asilimia 5 ya mchango wa bajeti: shilingi 200 kwa katoni ya mche, 350 kwa unga na 600 kwa kuogea. Mhasibu aliipima kwanza kwenye bajeti na kupata milioni 5.7, dhidi ya milioni 6 za utaratibu wa zamani. Katika robo ile ya mauzo makubwa, utaratibu wa zamani ulikuwa umelipa milioni 6.6, yaani nyongeza ya laki sita kwa kazi iliyoshusha mchango kwa milioni 4. Meneja mauzo alipinga, akihofia kwamba wilaya za mbali ambako hununuliwa mche tu zitaachwa bila mtu wa kuzihudumia. Hoja yake haikuwa dhaifu, na ndiyo sababu kiwango cha mche kilibaki 200 badala ya 150 iliyopendekezwa mwanzo.

Matokeo

Bajeti ya robo iliyofuata ilikuwa ileile. Ziliuzwa katoni 21,000: mche 12,900, unga 5,700 na kuogea 2,400. Mchango ulifika milioni 120.3, juu ya bajeti kwa milioni 6.3. Kati ya hizo, milioni 5.7 zilitokana na kiasi na laki sita zilitokana na mchanganyiko. Katoni zilikuwa pungufu ya 1,000 kuliko robo iliyotangulia, na mchango ulizidi kwa milioni 10.3. Kamisheni iliyolipwa ilikuwa kama milioni 6.

Ofisini ilionekana kwamba kamisheni mpya imefanya kazi yake yote. Mhasibu alikataa kuliandika hivyo, na hapo ndipo kisa hiki kinapovutia zaidi. Kati ya katoni 2,400 za sabuni ya kuogea, 350 zilikuwa yale maagizo ya zamani: wateja walioandikiwa "haijatoka" walisubiri, mtambo ulipowaka wakapelekewa mzigo wao. Ukiziondoa, zinabaki katoni 20,650 na mchango wa milioni 116.1. Kiasi kinakuwa kizuri kwa takriban milioni 3.7, na mchanganyiko unageuka kuwa mbaya kwa takriban milioni 1.6. Kwa hiyo uwiano ulikuwa bado haujarudi kwenye bajeti. Ulikuwa umesogea karibu, nayo manukato yaliyochelewa yakaupamba. Unga hasa ulibaki chini kwa katoni 300.

Uchambuzi: kilichofaa na kilichokwama

Kugawanya pengo mara mbili kulifaa kwa sababu kulizuia uamuzi mbaya uliokuwa mezani. Taarifa ya milioni 4 peke yake ingeweza kusomwa kama kuyumba kidogo kwa soko, na bonasi ikalipwa. Milioni 11.4 upande mmoja na milioni 15.4 upande mwingine ni mambo makubwa mawili yanayofichana, na kila moja linadai maswali yake.

Pale ilipokwama ni katika kuisoma ile milioni 15.4. Katika kikao cha kwanza ilitajwa kama fedha iliyopotea. Si kweli. Ni pengo kati ya kilichotokea na hali ya kufikirika ambamo katoni 22,000 zingeuzwa kwa uwiano wa 60, 30 na 10. Hakuna aliyeonyesha kwamba soko lingeweza kununua katoni 6,600 za unga na 2,200 za kuogea kwa robo moja. Tofauti ya mchanganyiko hudhani kwamba bidhaa zinaweza kuchukuliana nafasi, na dhana hiyo huwa kweli kwa sehemu tu.

Ankara zilisaidia kuipima sehemu hiyo. Ikiwa katoni 1,100 za unga zilibadilishwa kwa mche, kila moja iligharimu kampuni shilingi 3,000, yaani 7,000 zilizokosekana kutoa 4,000 zilizopatikana. Jumla ni milioni 3.3. Hii ndiyo gharama ya mchanganyiko ambayo maofisa mauzo wangeweza kuulizwa kwa haki. Nayo ni makadirio, kwa sababu mteja mmoja alihitaji katoni zaidi ya moja ya mche ili kumaliza mtaji wake na mwingine hakununua mbadala wowote. Ukiongeza milioni 4.8 za maagizo yaliyokwamishwa na mtambo, sehemu kubwa ya kilichoweza kuzuilika inajulikana, na iko mbali na milioni 15.4.

Zimebaki katoni 3,400 za mche zilizozidi bajeti bila kuchukua nafasi ya unga. Hizo zililetea kampuni milioni 13.6 ambazo zisingekuwepo. Lakini katika taarifa ya mchanganyiko zinahesabiwa kuwa mzigo, kwa kuwa ziko chini ya wastani. Ofisa mauzo aliyefungua duka jipya la mche katika wilaya ambayo haijawahi kununua unga ameongeza 4,000 kwa kila katoni, na kumwambia ameharibu mchanganyiko ni kumwonea. Hofu ya meneja mauzo kuhusu wilaya za mbali ilitoka hapa, ingawa hakuwa na namba za kuieleza.

Jambo jingine halikugunduliwa hadi mkaguzi wa ndani alipouliza kwa nini hesabu inafanywa kwa katoni. Katoni ya mche na ya unga zina kilo 12 kila moja, na ya kuogea ina kilo 6. Mkaguzi alirudia robo ya kwanza kwa kilo. Bajeti ilikuwa kilo 228,000 zenye wastani wa mchango wa shilingi 500 kwa kilo, na halisi ilikuwa kilo 257,400. Tofauti ya kiasi ikawa nzuri kwa milioni 14.7 na ya mchanganyiko ikawa mbaya kwa milioni 18.7. Jumla ni upungufu uleule wa milioni 4, lakini kila sehemu imebadilika kwa milioni 3.3, bila sabuni hata moja kuuzwa tofauti.

Pengo la jumla halitegemei kipimo, mgawanyo wake unategemea. Ndiyo maana kulinganisha tofauti ya mchanganyiko ya kiwanda kinachohesabu katoni na ya kingine kinachohesabu kilo hakuna maana, na kampuni inayobadilisha ukubwa wa katoni katikati ya mwaka itaona tofauti ambayo sokoni haipo. Pale ambapo bidhaa hazina kipimo kimoja cha maana, kwa mfano sabuni ya maji kwa lita na ya unga kwa kilo, baadhi ya wahasibu hutumia thamani ya mauzo kwa bei za bajeti kama kipimo cha pamoja. Kiwanda hiki kilibaki na katoni, kwa sababu maagizo na kamisheni zake ziko kwa katoni. Sababu hiyo inatosha, mradi iandikwe juu ya taarifa.

Katika bajeti ya mwaka uliofuata, hesabu ya mchanganyiko iligawanywa makundi mawili. Mche na unga, ambazo hununuliwa na wateja walewale kwa mtaji uleule, zinapimwa pamoja kwa wastani wao wa shilingi 5,000. Sabuni ya kuogea inapimwa peke yake, kwa kiasi tu, na katoni zilizoagizwa zikakosekana ghalani zinaandikwa kwenye mstari wao na kupelekwa kwa meneja uzalishaji. Fuso la pili lilinunuliwa, likapangiwa wilaya za mche.